Unauza Mzigo Ulioko Stoo ya Mwingine: Namna ya Kufuatilia Oda na Kujua Faida Yako

Siku hizi wengi wanaokuja kwenye dawati letu la ushauri wa biashara ndogo hawana duka wala stoo. Wana simu, picha za bidhaa na msambazaji mmoja au wawili Kariakoo. Mteja wa Dodoma anaona blenda kwenye ukurasa, anaagiza na kulipa. Muuzaji anapitisha oda kwa msambazaji, naye anafungasha na kuupeleka mzigo stendi ukapande basi. Muuzaji haugusi mzigo hata mara moja.

Malalamiko yao yanafanana: mauzo yapo, lakini fedha haionekani. Tukiomba daftari, tunaonyeshwa mazungumzo ya simu. Humo kuna picha za miamala, sauti zilizorekodiwa na neno “poa” mara nyingi, ila hakuna anayeweza kusema ni oda ngapi ziko njiani leo wala kila moja imebakiza shilingi ngapi.

Mwenye duka la kawaida ana kitu kimoja ambacho huyu hana. Mzigo ukifika dukani, anauhesabu, anaukagua na kusaini hati ya kupokea. Hapo anajua amepata alichokilipia. Anayepitisha oda hana hatua hiyo, kwa hiyo lazima aweke nyingine badala yake: uthibitisho wa msambazaji kabla ya kulipa, stakabadhi ya basi mzigo unapoondoka, na neno la mteja anapoupokea. Kimoja kikikosekana, anafanya biashara kwa kukisia.

Uthibitisho ndio unaoleta kesi nyingi. Muuzaji akishatuma ujumbe na kuona umesomwa, anahesabu kazi imekwisha. Kumbe bidhaa iliyokuwepo asubuhi Kariakoo inaweza kuwa imeisha mchana, au bei imepanda tangu picha ilipopigwa. Ujumbe mzuri wa oda haumwachii msambazaji nafasi ya kujibu kwa neno moja. Uwe hivi: “Oda namba 41. Blenda lita 1.5, nyeusi, moja. Bei 60,000. Ifike stendi ya Magufuli leo kabla ya saa 12 jioni. Ipo?” Jibu likija “Ipo dada, ila nyeusi zimeisha, zipo nyeupe,” oda haijathibitishwa, hata kama neno la kwanza ni “ipo.” Rudi kwa mteja kwanza umuulize kuhusu rangi. Tunawaambia wateja wetu wasiandike “imethibitishwa” mpaka msambazaji ataje mambo matatu: bidhaa yenyewe ilivyo, bei ya leo, na saa ya kutoka. “Poa bosi” haina hata moja kati ya hayo.

Kuanzia hapo kila oda iwe na hali yake iliyoandikwa: imepokelewa, imetumwa kwa msambazaji, imethibitishwa, imetoka, imefika, imefungwa. Hali isibadilishwe kwa ahadi. “Imetoka” inaandikwa ukiwa na picha ya stakabadhi ya basi yenye namba, si baada ya msambazaji kusema kijana wa boda ameshaondoka. “Imefika” inaandikwa baada ya mteja kusema ameuchukua na ameufungua. Mzigo uliofika ofisi ya basi Dodoma na kulala hapo siku mbili haujafika kwa mteja.

Fedha nayo iwe na safu yake, pembeni ya safu ya mzigo. Oda inaweza kuwa imefika lakini haijalipwa, kama mlikubaliana mteja alipe akipokea. Inaweza pia kuwa imelipwa huku msambazaji hajatoa kitu. Ukivichanganya viwili hivi kwenye safu moja, utajikuta unamlipa msambazaji wa oda ya leo kwa fedha ya mteja wa jana ambaye mzigo wake bado haujatoka. Ndivyo watu wanavyoingia kwenye deni huku simu ikiendelea kuingiza miamala. Fedha ya mteja ambaye hajapokea mzigo haijawa yako. Ikae kwenye laini tofauti na ile ya matumizi ya nyumbani.

Kila asubuhi, kabla ya kujibu wateja wapya, angalia oda zilizokwama. Iliyotumwa kwa msambazaji jana mchana na mpaka sasa haijathibitishwa inahitaji simu, si ujumbe mwingine. Iliyotoka juzi kwenda Dodoma na mteja yuko kimya ina tatizo, kwa sababu basi la Dar es Salaam hadi Dodoma ni safari ya siku moja. Kinachokuonyesha tatizo ni muda ambao oda imekaa kwenye hali ileile.

Sasa faida. Tuchukue blenda hiyohiyo kwa bei za mfano. Mteja amelipa 80,000, usafiri ukiwa ndani. Msambazaji anachukua 60,000. Wengi huishia hapo na kusema wamepata 20,000. Lakini boda kutoka Kariakoo hadi stendi ni 5,000, basi 4,000, na tozo za kumtumia msambazaji fedha 1,500. Tangazo la mtandaoni lililogharimu 30,000 lilileta oda 20, kwa hiyo kila oda inabeba 1,500. Kinachobaki ni 8,000, yaani asilimia 10 ya bei ya kuuzia. Kwenye jedwali la simu au kompyuta, ukiweka bei ya kuuzia safu C, ya msambazaji D, usafiri E, tozo F na tangazo G, hesabu ni hii:

```
=C2-D2-E2-F2-G2
```

Weka jibu safu H, kisha ugawanye kwa C2 upate asilimia. Gawanya kwa bei ya kuuzia, si ya kununulia. Ile 20,000 ya mwanzo ni asilimia 25 ya bei ya kuuzia, lakini ni 33 ya bei ya kununulia, na tunaona watu wakipanga punguzo la sikukuu kwa kutazama hiyo 33. Bei ya msambazaji nayo iwe ile aliyoitaja siku ya kuthibitisha, si ile ya orodha ya mwezi uliopita.

Hata hiyo 8,000 bado ni matarajio. Faida halisi inajulikana oda ikifungwa, na kinachoitafuna ni mizigo inayorudi. Tuseme blenda imerudi, msambazaji ameikubali na kurudisha 60,000 yake yote, nawe umemrudishia mteja 80,000. Boda na basi za kwenda, tozo na tangazo vimeshakwenda: 12,000. Basi la kurudi 4,000, boda hadi Kariakoo 5,000. Umepoteza 21,000 kwa oda moja.

Ukiuza blenda kumi, kisha moja kati yake ikarudi, tisa zimekupa 72,000. Toa 21,000, inabaki 51,000. Zikirudi mbili, unabaki na 22,000. Zikirudi tatu, una hasara ya 7,000 kwa wiki ambayo simu haikupumzika. Hapo msambazaji amekuwa muungwana. Akikataa kupokea, mzigo mmoja tu unageuza ile 72,000 kuwa hasi 9,000, na blenda inabaki mikononi mwako. Sharti la kurudisha bidhaa mbovu au isiyo sahihi mkubaliane kwa maandishi kabla ya oda ya kwanza. Mbele ya mteja aliyekulipa, muuzaji ni wewe. Kumwambia “kosa ni la msambazaji” hakukuondolei wajibu.

Hesabu hizi ndizo zinazopaswa kuchagua msambazaji. Tuseme yuko mwingine anayeuza 58,000. Kila oda iliyofika itakupa 10,000 badala ya 8,000, na unavutiwa. Lakini anafungasha ovyo na anachanganya rangi, kwa hiyo katika kumi zinarudi mbili. Nane zinakupa 80,000, ukitoa 42,000 za mbili zilizorudi unabaki na 38,000. Yule wa 60,000, ambaye inarudi moja, anakuachia 51,000. Bila kuandika jina la msambazaji na sababu ya kurudi kwenye kila oda, tofauti hii huioni kabisa. Utaendelea kumsifu wa bei rahisi.

Kuna jambo la karatasi linalowasumbua wengi. Msambazaji akiweka risiti yake ndani ya boksi, mteja ataona 60,000, na pengine na kadi ya duka yenye namba ya simu. Wengine wanamwomba msambazaji asitoe risiti kabisa. Hilo ni kosa kisheria na linaweza kukukamatia mzigo njiani. Njia iliyo sawa ni hii: risiti ya msambazaji itoke kwa jina lako na TIN yako, uipate kwa picha na uihifadhi, maana ndiyo ushahidi wa gharama zako. Risiti yako kwa mteja, yenye 80,000, mtumie msambazaji mapema iende na mzigo. Na kwenye oda mpe jina la mpokeaji, simu na kituo tu. Taarifa hizo za mteja zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo usimpelekee msambazaji mazungumzo yenu yote.

Kwa upande wa kodi, swali ni kama 80,000 yote ni mauzo yako au ni 20,000 tu. Kiwango cha uhasibu cha IFRS 15 kinaangalia nani anaudhibiti mzigo kabla haujamfikia mteja. Dalili zake ni nani anayewajibika mbele ya mteja, nani anabeba hatari ya mzigo kurudi, na nani anapanga bei. Ukiwa ni wewe kwa yote matatu, kama ilivyo kwa wengi tunaowaona, uko upande wa muuzaji, na mauzo ni 80,000. Ukiwa unalipwa kamisheni kwa kumletea msambazaji mteja, naye ndiye anayepanga bei na kuwajibika, mauzo yako ni kamisheni.

Tofauti hiyo si ndogo, kwa sababu kodi ya makadirio ya wafanyabiashara wadogo hutazama mauzo, si faida. Kikomo cha kusajiliwa VAT nacho, kilichopandishwa mwaka 2023 hadi shilingi milioni 200 za mauzo kwa mwaka, hakiulizi umebakiza nini. Blenda 2,500 kwa mwaka, karibu saba kwa siku, zinakufikisha hapo. Kwa faida ya 51,000 tuliyoipata kwa kila blenda tisa zilizofika pale ilipokuwa inarudi moja katika kumi, mwaka mzima umebakiza karibu milioni 14.2. Ukiona jumla ya safu C inakaribia kiwango hicho, nenda ofisi ya TRA na jedwali lako kabla hawajakuita.