Mita 700 juu ya tairi lisilo na upepo

Wiki iliyopita mama mmoja aliingia gereji na IST yake, tairi la nyuma kushoto likiwa limelala kabisa. Kabla sijasema neno akaniwahi: "Fundi, nimetembea nalo kidogo tu. Msumari huo hapo, nauona, weka utambi nikimbie kazini." Msumari kweli ulikuwepo, wa mbao, umezama katikati ya kashata, ile sehemu ya tairi inayokanyaga lami. Tundu lake halikuzidi milimita tatu. Kwa tundu la namna hiyo, mahali pale, tairi linazibika na linaendelea na maisha yake mpaka liishe kipara.

Nikamuuliza kidogo hicho ni kiasi gani. Akanionyesha kituo cha mafuta alichokuwa amekipita alipoanza kusikia gari linavuta upande. Nakijua, nimetembea kwa miguu toka pale mara nyingi. Ni kama mita 700.

Nikamwambia utambi, ule uzi wa mpira wa kuzibia tundu, siweki mpaka nilitoe tairi kwenye rimu niangalie ndani. Hakufurahi. Wengi hawafurahi, kwa sababu kuchomeka utambi tairi likiwa kwenye gari ni dakika tano, na kulitoa ni nusu saa na bei nyingine. Lakini nina sababu, na sababu hiyo ilinigharimu mteja.

Miaka yangu ya mwanzo nilizibia kaka mmoja tairi la namna hii bila kulifungua. Alikuwa ametembea nalo bila upepo, akalijaza, kwa nje likaonekana zima. Nikachomeka utambi, nikapaka maji ya sabuni, hakuna povu, akalipa akaondoka. Siku ya tatu akarudi na nundu ubavuni lenye ukubwa wa yai. Kaka yule alikuwa na bahati kwamba aliliona akiwa ameegesha. Mimi nilikuwa nimeziba tundu la msumari vizuri sana, na tundu la msumari halikuwa na shida yoyote.

Ili ueleweke ugonjwa wenyewe, tuanze na nani anabeba gari. Watu hudhani ni mpira. Mpira unabeba kidogo mno. Anayebeba ni upepo. Gurudumu moja la mbele la gari dogo kama IST hubeba karibu kilo 300. Ukijaza upepo wa 32, kilo hizo zote hukaa juu ya eneo la tairi linalogusa lami, ambalo ni sawa na kiganja chako pamoja na vidole. Ubavu wa tairi kazi yake ni kuushika huo upepo usitoke, na kunesa kidogo barabara inapokuwa mbaya. Ndiyo maana umetengenezwa mwembamba. Zile nyaya za chuma zimelala chini ya kashata na kwenye midomo ya tairi, pale linapokalia rimu. Ubavuni, kwa matairi ya magari madogo, kuna nyuzi za poliesta, safu moja au mbili, zinazotoka mdomo mmoja wa tairi kwenda mdomo wa pili, zimefunikwa na mpira.

Upepo ukiisha, kilo zile hazina pa kukaa. Zinaushukia ubavu, nao unakunjika. Rimu inashuka mpaka ukingo wake unakalia mkunjo huo, na kati ya chuma na lami hubaki tabaka mbili za mpira zilizobanwa kama nyama ndani ya sambusa. Sasa gari likitembea, mkunjo hauko mahali pamoja. Unazunguka ubavu mzima. Tairi la 185/65R15 likizunguka mara moja husogea karibu mita mbili, maana yake kila kilomita moja huzunguka zaidi ya mara 500. Kwa mita 700 za yule mama, kila sehemu ya ubavu ilikunjwa na kukunjuliwa kama mara 360, huku imebanwa na chuma.

Aliyewahi kukata waya wa kufungia nondo bila koleo anajua kinachofuata. Unaukunja huku na huku, unapata moto mkononi, halafu unakatika. Nyuzi za ubavu nazo hupata moto na kukatika, moja baada ya nyingine, na mpira unaozishika unaachana nazo. Kutembea polepole kunapunguza moto, hilo ni kweli. Lakini idadi ya mikunjo haipungui hata mmoja, kwa sababu umbali ni ule ule. Dereva anayejitetea kwamba "nilikuwa naenda mwendo wa kinyonga" anajitetea kwa nusu ya kesi tu.

Nilipolitoa tairi la mama na kuliinamisha, ulimwagika unga mweusi, kama vijiko viwili hivi vya masizi. Akauliza ni uchafu wa barabarani? Ni tairi lenyewe. Ndani ya ubavu kuna ngozi laini ya mpira inayozuia upepo usipenye, na ilipokunjika ilijisugua yenyewe kwa yenyewe mpaka ikasagika. Unga huo ndio ushahidi wa kwanza ninaoutafuta. Ukiwa ni vumbi jembamba tu, bado naendelea kukagua. Ukiwa wa kukusanya kwa kijiko, mara nyingi kesi imekwisha.

Ushahidi wa pili ni mstari. Unazunguka ndani ya ubavu kama mfereji, wenye mikunjo midogo midogo, mara nyingine unang'aa mahali ngozi ilipoungua. Nilimshika mama mkono nikampitisha kidole hapo, akasikia mwenyewe: upande mmoja laini, kisha ghafla panakwaruza. Pale panapokwaruza nyuzi zilikuwa zimeshatoka nje. Nyuzi zikionekana, hakuna mjadala tena.

Wa tatu unataka mikono iliyozoea. Nabonya ubavu kwa vidole gumba viwili, kisha nabonya ubavu wa tairi jingine zima la aina ile ile. Uliovunjika unakuwa legevu mahali fulani, unabonyea kama embe lililoiva upande mmoja. Kwa nje, tairi hilo la mama lilikuwa na alama moja tu: mkwaruzo mwembamba unaozunguka ubavu, pale ukingo wa rimu ulipokuwa umekalia. Lingejazwa upepo na kufutwa kwa brashi na tairi shaini, hata mimi nisingelijua.

Ubavu ukishaumia hivyo hauzibiki. Kiraka huziba upepo. Hakirudishi nyuzi zilizokatika, na nyuzi hizo ndizo zilizokuwa zinashikilia upepo usiupasue mpira. Nundu aliloniletea yule kaka lilikuwa hilo tu: nyuzi zimekatika, mpira umebaki peke yake, upepo unausukuma nje.

Nikahamia kwenye rimu. Hii ya mama ilikuwa ya chuma, na mita 700 za lami tupu zisingeifanya kitu. Kilichoiumiza ni tuta moja la barabarani kabla ya kufika kwangu. Tairi likiwa na upepo, tuta humezwa na upepo. Likiwa tupu, ukingo wa rimu hupiga tuta ukiwa umevaa zile tabaka mbili za mpira tu, na gari zima liko juu yake. Niliiweka kwenye mashine ikazunguka, nikasogeza bisibisi karibu na ukingo bila kuugusa. Mwanya ulikuwa sawa pande zote, kisha mahali pamoja, upande wa ndani, bisibisi ikakwaruza. Ukingo ulikuwa umesogea kama milimita tatu. Kwa nje, penye kofia ya plastiki, hukuona kitu. Upande wa ndani ndio unaosahaulika.

Rimu ya chuma iliyopinda kidogo ukingoni naigonga ikanyooka, nafunga tairi, najaza, halafu napaka sabuni pande zote mbili pale mdomo wa tairi unapokalia. Povu likitokea, rimu haijakubali. Rimu ya spoti ni hadithi nyingine. Aluminiamu haipendi kupinda. Mara nyingi inapasuka, na ufa huanzia upande wa ndani, mwembamba kama unywele. Wapo wanaochomelea. Mimi sifanyi hivyo, kwa sababu rimu nyingi za aluminiamu hupewa nguvu kwa kupashwa moto kiwandani kwa utaratibu wake, na moto wa kuchomelea huilegeza sehemu inayozunguka ufa. Utaondoka na rimu isiyovujisha upepo lakini iliyo dhaifu.

Kuna hatua mbaya zaidi, ambayo mama hakuifikia. Mdomo wa tairi umekaa kwenye rimu nyuma ya kituta kidogo, na anayeubana pale ni upepo. Tairi tupu likipigwa kona au breki kali, mdomo unaruka kituta na kudondokea kwenye bonde la katikati ya rimu. Hapo tairi linaanza kuzunguka kivyake, rimu inalikata kama msumeno, na usukani wa gari lenye tatizo hilo mbele hausikii tena. Hapo ukingo wa rimu unasaga lami uchi, na huyo mgonjwa haponi.

Basi mtu atembee umbali gani? Kipimo cha uhakika hakipo. Mita chache za kutoka barabarani, mwendo wa mtu anayetembea, bila breki za ghafla na bila kukata kona, hasa kama tairi bado lina upepo kidogo, mara nyingi nalifungua nalikuta zima. Ukishahesabu mamia ya mita, jiandae kununua. Na zipo sehemu ambazo ni lazima ununue: ukipata pancha kwenye kona za mlima Kitonga, malori nyuma yako, usisimame hapo kuokoa tairi. Washa hazadi, tembea mpaka upate pa kuegesha salama. Ukisimama mapema na tairi halijalala kabisa, pampu ndogo ya kwenye buti ni bora kuliko kujikokota mpaka kwa fundi.

Madereva wa malori naomba wanisikilize kivyao. Ubavu wa matairi yenu mengi una nyaya za chuma. Likitembezwa na upepo pungufu, nyaya zinakatika kimya kimya ndani, na siku linapojazwa ubavu unaweza kufunguka wote kwa mkupuo mmoja kama zipu. Jambo hilo limeua watu. Tairi la lori lililotembea tupu halijazwi likiwa kwenye gari, wala mtu hasimami mbele ya ubavu wake. Linatolewa, linakaguliwa ndani, kisha linajazwa ndani ya kizimba cha chuma kwa mpira mrefu.

Mama alinunua tairi. Alipokuwa anaondoka akaniuliza kama lile la zamani anaweza kuliweka buti liwe spea, maana kashata bado zimejaa. Nikachukua kisu, nikalipasua ubavu kutoka juu mpaka chini mbele yake, kwa sababu matairi yenye kashata nzuri nikiyatupa nyuma ya gereji mazima, asubuhi huwa siyakuti.