PS si PS: kabla hujamnunulia padi mtu mzima anayecheza gemu

Jumamosi iliyopita dada mmoja aliingia dukani kwangu Makoroboi, Mwanza, na mfuko mdogo mkononi. Ndani mlikuwa na padi nyeupe ya kuchezea gemu kwenye PlayStation 5, yaani PS5, bado inanukia upya. Alikuwa amemnunulia kaka yake anayefanya kazi Nansio, akaituma kwa meli, na siku mbili baadaye ikarudi kwa meli na ujumbe kwamba haisomi. Duka alikonunua wakagoma kuipokea kwa sababu boksi limeshafunguliwa.

"Lakini anasema akiichomeka inawaka taa," akaniambia. "Kwani PS si ni PS, kaka?"

Huyo ni wa nne mwezi huu, na wote wanne walipoteza pesa kwa sentensi hiyohiyo. Naandika ili wa tano asome kwanza.

Taa ile ndiyo inayowapoteza watu. Padi ya PS5, yaani DualSense, ukiichomeka kwenye PS4 kwa waya inapokea umeme, na taa yake ya rangi ya chungwa inapumua polepole. Hiyo ni chaji tu. Hata chaja ya simu ingeiwasha hivyo hivyo. PS4 yenyewe haiitambui, na hakuna mpangilio wowote wa ndani utakaoifanya iitambue. Sony hawakuiwekea PS4 uwezo huo.

Kinyume chake ndicho kinachoniletea mabishano marefu zaidi. Padi ya PS4, DualShock 4, ukiipeleka kwenye PS5 inaunganishwa vizuri, inatembea kwenye menyu, na gemu za PS4 zinachezeka nayo. Mtu anaondoka akiwa na furaha. Kesho yake anaweka gemu ya PS5 yenyewe, na mashine inamwambia atafute DualSense. Sony walilitangaza hilo Agosti 2020, kabla PS5 haijatoka, kwa sababu gemu za PS5 zilitengenezwa zitumie vitu vipya vya padi mpya, kama vile vitufe vya nyuma vinavyoweza kukaza unapovibonyeza. Kwa hiyo anayekuambia "padi ya PS4 inafanya kazi kwenye PS5" hajadanganya, ila amekupa nusu ya jibu, na zawadi hainunuliwi kwa nusu ya jibu.

Basi utajuaje mwenzio ana mashine gani bila kumshtua? Subiri aende kazini, geuza padi yake uangalie tundu la chaji. Likiwa lile jembamba la simu za zamani, ana PS4. Likiwa la taipu-C, ana PS5. Ukitaka uhakika zaidi, piga picha kibandiko cha mashine, nyuma au chini. Namba ikianza na CUH-1 ni PS4 ya mwanzo, CUH-2 ni Slim, CUH-7 ni Pro. Ikianza na CFI ni PS5. Njoo na picha hiyo dukani, usije na maelezo. "Ni nyeusi, bapa, ina taa" hayanisaidii kitu.

Kwenye PS5 angalia pia kama ina mdomo wa sidii. Zipo zisizo nao, na sidii utakayomfungia kwenye karatasi ya zawadi itabaki pambo. Kadi za kununulia gemu mtandaoni nazo zina nchi: kadi ya dola za Marekani haiingii kwenye akaunti iliyofunguliwa kama ya Uingereza. Hapa kwetu wengi hawakumbuki walifungua ya wapi, kwa hiyo kadi usinunue kwa kubahatisha.

Sasa namba za umri. Hili linanichosha kuliko padi.

Mama mmoja alirudisha mezani EA Sports FC 25 kwa sababu ganda limeandikwa 3 kwenye kiboksi cha kijani. "Mume wangu ana miaka arobaini na moja, unanipa ya chekechea?" Akataka yenye 18 nyekundu, "ya wanaume." Namba hiyo ni ya PEGI, mfumo wa Ulaya ulioanza 2003, wenye ngazi za 3, 7, 12, 16 na 18. Inaeleza kilichomo: damu, matusi, ngono, kamari, vitisho. Haisemi gemu ni rahisi au ngumu, wala haisemi imetengenezewa nani. Mpira hauna damu, ndiyo maana una 3, na watu wazima wanaokesha vibandani Kirumba na Igoma wakilipana madeni ya mechi wanacheza gemu hiyohiyo ya 3. Sidii zilizotoka Marekani zina herufi za ESRB badala ya namba: E ni ya kila mtu, T ni vijana kuanzia 13, M ni kuanzia 17.

Kwa mtu mzima, 18 haikuzuii kununua, lakini isome kwa sababu nyingine: nani mwingine anakaa sebuleni. Runinga nyingi zetu ni moja kwa nyumba nzima. Geuza ganda uone vipicha vidogo, ngumi ni ukatili, kiputo cha maneno ni matusi, dadu ni kamari. Kama watoto wanalala chumba hichohicho, zawadi ya 18 unampa ya kuchezea saa sita usiku akiwa amezima sauti.

Ndiyo maana nikiulizwa zawadi isiyokosea nasema hedifoni ya waya. Angalia pini yake: ikiwa na mikanda mitatu myeusi, ina sauti na maiki, na itaingia moja kwa moja kwenye DualShock 4 na DualSense.

Kwenye padi feki msimamo wangu umelegea. Zamani nilikuwa nazikataa kabisa. Lakini padi halisi nayo baada ya muda kijiti chake huanza kwenda chenyewe, kwa sababu sehemu inayopima mwendo ndani inasuguana na kulika, na nimefungua halisi nyingi zenye tatizo hilo. Siku hizi namwambia mteja ukweli, namchomekea mbele yake, anagusa kibao cha katikati na kusikiliza sauti kwenye tundu la hedifoni. Feki nyingi huangukia hapo. Kisha anaamua mwenyewe.

Turudi kwa dada wa Nansio. Tulimpigia kaka yake, akatuma picha ya kibandiko: CUH-2216A. PS4 Slim ya GB 500. Nikamuuliza padi yake ya zamani ina shida gani, akasema haina shida yoyote, kinachomsumbua ni kwamba kila akitaka gemu mpya lazima afute nyingine. Kumbe hakuhitaji padi. Ile nyeupe tukamuuzia kijana mwenye PS5, dada akaongeza kidogo akachukua disk ya nje ya TB 1, ya USB 3.0. Flashi ya GB 64 aliyokuwa nayo kwenye pochi isingefaa, PS4 inataka kuanzia GB 250.

Jumanne kaka mtu akanipigia imeshafika. Nikamwelekeza aende `Settings`, `Devices`, `USB Storage Devices`, achague `Format as Extended Storage`, na kwanza ahakikishe hamna picha za harusi humo, maana inafuta kila kitu. Nikamsisitizia pia asiichomoe disk wakati mashine inawaka. Umeme ukikatika katikati ya gemu, ukirudi PS4 itasema inaitengeneza disk. Aiache imalize.

"Imemaliza," akasema. "Sasa nihamishie gemu gani kwanza?"