Volatiliti kwenye sloti: kwa nini elfu kumi inakaa gemu moja na kwenye nyingine inakata hata chai haijapoa

Juzi kijiweni dogo mmoja wa bodaboda alinionyesha simu kalalamika kweli, "Broo hii gemu wameandika RTP 96.50%, si maana yake inarudisha tisini na sita? Sasa mbona nimeweka elfu kumi hata chai haijapoa imekata?" Nikamwambia dogo hapo hujaibiwa, na hiyo namba sio ya uongo, ila kuna kitu kingine wameandika pembeni yake we hujakisoma, pale penye vialama vya radi vitano vyote vimewaka. Hicho ndo volatiliti na kwa mtu mwenye salio dogo nadhani kina maana kuliko hata hiyo RTP.

RTP inakwambia kwa wastani, kwenye mamilioni ya spini za watu wote, mia iliyowekwa inarudi ngapi. Volatiliti inakwambia hiyo pesa inarudi kwa mtindo gani, yaani inarudi kidogo kidogo kwa watu wengi mara kwa mara, au inarudi kwa mafungu makubwa kwa watu wachache na wengine wote wanaondoka mikono mitupu. Watu wa mikeka wanalijua hili bila kuambiwa, mtu wa odi ya 1.20 timu moja moja na mtu wa mkeka wa timu kumi na tano hawaishi maisha sawa hata kama wote wanabeti elfu moja moja kila siku, wa kwanza anaguswa mara nyingi ila kidogo, wa pili anachana chana mikeka mwezi mzima akisubiri siku moja. Na waliocheza zile mashine za dubwi za mtaani nao wanajua, ukiweka kwenye tofaa inagonga mara nyingi ila inatema kidogo, ukiweka kwenye BAR unasubiri mpaka unasahau ulikuja na shilingi ngapi.

Sasa tupige hesabu, na nataka tuipige taratibu kwa sababu hapa ndo penyewe. Chukua gemu mbili nilizozitunga makusudi ziwe rahisi, zote RTP 96. Gemu ya kwanza inalipa mara mbili ya dau, na inalipa spini 48 kati ya 100. Gemu ya pili inalipa mara 96 ya dau, lakini spini 1 tu kati ya 100. Ukizidisha, 48 mara 2 ni 96 na 1 mara 96 ni 96, kwa hiyo kwenye karatasi ni ndugu wa baba mmoja.

Weka watu 100 kila gemu, kila mmoja ana elfu kumi, dau 200, maana yake kila mmoja ana spini 50. Jumla wanazungusha spini 5,000 na wanaweka milioni moja. Kwenye gemu ya kwanza zinagonga kama spini 2,400, kila moja shilingi 400, inarudi 960,000. Kwenye gemu ya pili zinagonga kama spini 50, kila moja 19,200, inarudi 960,000 ile ile. Kampuni imebaki na elfu arobaini pande zote mbili, haina hasara wala haijali.

Ila angalia mifukoni mwa hao watu. Gemu ya kwanza, baada ya spini 50 zaidi ya watu 90 kati ya 100 watakuwa na salio kati ya 6,800 na 12,400, wengi wako pale pale karibu na elfu tisa na kitu, na hakuna anayeweza kuishiwa kabla ya spini ya 50 hata akose zote. Gemu ya pili, nafasi ya kukosa spini moja ni 0.99, kukosa zote hamsini ni 0.99 zidisha yenyewe mara hamsini, inakuja 0.605. Yaani watu 60 kati ya 100 wanamaliza elfu kumi yao bila kuona ushindi hata mmoja. Sio ushindi mdogo, hawajaona kabisa. Kama 31 wanagonga mara moja na wanabaki na 19,200, na 9 hivi wanagonga mara mbili au zaidi na hao ndo utasikia habari zao mtaa mzima. Wastani wa hasara ni shilingi 400 kwa kila mtu kama ile gemu nyingine, lakini hakuna hata mtu mmoja aliyepoteza 400, huo wastani hauko mfukoni kwa yeyote.

Hapo ndo jibu la yule dogo lilipo. Salio dogo maana yake spini chache, na gemu ya volatiliti kubwa inahitaji spini nyingi sana ili ile 96 ianze kuonekana, wewe unaishiwa kabla hujazungusha za kutosha. Na kuhusu muda, kama spini moja inachukua sekunde nne, spini 50 ni dakika tatu na sekunde ishirini. Uingereza tangu Oktoba 2021 wamekataza sloti za mtandaoni kuzunguka haraka kuliko sekunde mbili na nusu kwa spini, na hata kwa sheria hiyo hamsini zako zinaisha kwenye dakika mbili na sekunde tano.

Kwenye gemu za kweli mambo yamechanganyika, hazilipi kitu kimoja tu kama hizo zangu, ila ukiweka mbili pembeni utaona kitu kile kile. Starburst inajulikana kwa volatiliti ndogo, RTP yake kama 96.1 na ushindi mkubwa kabisa wa spini moja ni mara 500 ya dau. Gates of Olympus, RTP 96.50 kwenye toleo la kawaida (waendeshaji wengine wanaweka toleo la chini zaidi, fungua kitufe cha maelezo ndani ya gemu usome la hapo ulipo), na ushindi wake wa juu ni mara 5,000. Kwa RTP Gates inaonekana nzuri kidogo. Kwa mtu wa elfu kumi ndo inakausha haraka, maana zile mara 5,000 lazima zilipiwe na mtu, na zinalipiwa kwa kupunguza vile vishindi vidogo na vya kati ambavyo vingekubakiza kwenye mchezo.

Na sehemu nyingi hizo pesa zimefichwa kwenye bonasi, yaani zile spini za bure. Tuseme, huu ni mfano wangu sio namba za gemu yoyote, kwenye ile 96 kuna 30 imekaa ndani ya bonasi na bonasi inakuja mara moja kwa spini 200. Nafasi ya kucheza spini 50 bila kuiona ni kama 78 kati ya 100. Sasa huyo ambaye hajaiona alikuwa anacheza gemu ya asilimia ngapi? 66. Kwa wastani kwenye spini zake hamsini anapoteza 3,400 badala ya 400 na skrini bado inasoma 96 na haijadanganya, ni kwamba sehemu yake ya 30 amepewa mtu mwingine.

Kuna kitu kinafanya watu wasione salio linavyoshuka. Umeweka 200, inagonga, muziki, taa, vito vinadondoka, imekulipa 80. Umepoteza 120 ila macho na masikio yameambiwa umeshinda. Gemu ikiwa na nyingi za hivi mtu atakwambia "inagonga gonga hii" na salio linateremka tu. Kwa hiyo usihesabu mara ngapi imegonga, andika salio kila baada ya spini kumi, kwenye karatasi kabisa. 10,000, 8,700, 7,100, 5,900, ukiona inateremka hivyo bila kupanda popote ujue unailipia bonasi ambayo pengine haitakukuta.

Wengine wanasema punguza dau, na kwa hesabu inabadilisha kweli. Kwenye ile gemu yangu ya pili elfu kumi kwa dau la 100 ni spini 100, nafasi ya kuondoka bila kugusa inashuka mpaka 37 kwa 100, kwa dau la 50 ni spini 200 na inashuka mpaka 13. Ukipandisha dau kuwa 500 una spini 20 tu na inapanda mpaka 82. Ila elewa umenunua muda, hujanunua faida, ukigonga kwa dau la 50 unapata 4,800 ambayo haifiki hata nusu ya ulichokuja nacho, na kila spini ya ziada bado inakatwa ile nne kwa mia. Hata ile gemu ya kwanza ya taratibu ukikomaa nayo spini 500 umeshazungusha laki moja, na nne kwa mia ya laki ni elfu nne, imekula bila kelele.

Tena msidanganyane na ile ya "imekula sana sasa lazima iteme". Kila spini inachaguliwa upya na jenereta ya namba, haina kumbukumbu ya jana wala ya dakika iliyopita. Aliyekosa 50 na akaongeza elfu kumi nyingine nafasi yake ya kukosa 50 zinazofuata ni ile ile 60 kwa 100. Na aliyegonga 19,200 akiendelea na dau lile lile ana spini 96 mbele yake, nafasi ya zote kuwa kavu ni 38 kwa 100, kwa hiyo hata ushindi wenyewe unaweza kurudi ulikotoka kabla hajafika nyumbani.

Yule dogo nilimuuliza amezungusha ngapi, akasema chache sana, mwishoni alinunua bonasi, yaani alilipa aingizwe moja kwa moja kwenye zile spini za bure. Gemu yenyewe ilikuwa Gates, na kwenye Gates kununua bonasi ni mara 100 ya dau. Kwa dau la 200 ni elfu ishirini, alikuwa hana, akashusha dau mpaka 80, ikawa elfu nane, ndo iliyokuwa imebaki. Bonasi ikamlipa 1,900. Na bonasi nyingi zinalipa chini ya bei yake, kwa sababu wastani wake unabebwa na zile chache zinazolipa mara mia kadhaa, kwa hiyo alichukua spini mia za dau la 80 akazibana zote kwenye kidole kimoja.