Jina lako litajwe na idara nyingine: namna ya kujulikana na viongozi wa juu kazini

Katika kazi yangu ya kushauri waajiri kuhusu maendeleo ya watumishi, watu wenye miaka mitano au sita kazini huniuliza swali moja mara kwa mara: nifanye nini ili menejimenti initambue? Wengi wao huwa wameshajaribu kumsogelea mkurugenzi mwenyewe, kwa kuuliza swali kwenye mkutano wa wafanyakazi wote au kumwandikia barua pepe ndefu yenye mapendekezo. Juhudi hizo huzaa matunda kwa nadra. Kiongozi wa juu haioni kazi ya mtu mmoja mmoja. Anachokiona ni taarifa za wakuu wa idara, na majina yanayomkaa kichwani ni yale yanayotajwa kikaoni jambo linapokwama au linapokwamuka. Ukisifiwa na mkuu wako peke yake, wasikilizaji huchukulia kwamba anamtetea mtu wake. Ukisifiwa na mkuu wa idara nyingine, ambaye hana sababu ya kukubeba, sifa hiyo hugeuka ushahidi.

Mwanasosholojia wa Marekani, Ronald Burt, amelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 2004, mameneja wa ugavi wa kampuni moja kubwa ya vifaa vya elektroniki waliombwa watoe wazo la kuboresha kazi yao, kisha viongozi wawili waandamizi wakayapima mawazo hayo bila kujua ni ya nani. Yaliyopata alama za juu zaidi yalitoka kwa watu waliozoea kujadili kazi na makundi ambayo yenyewe hayazungumzi. Naamini sababu yake ni rahisi: aliyesikia pande mbili huliona tatizo likiwa zima, ilhali kila upande unaona kipande chake tu.

Kwa hiyo, ninapoanza na mtu, humwambia achukue karatasi na aandike majina ya watu wa nje ya idara yake aliowasiliana nao kwa shughuli za kazi katika wiki nne zilizopita. Kisha achore mstari kati ya wale wanaozungumza wao kwa wao bila yeye kuwapo. Hatua hii ya pili ndiyo yenye thamani, na ndiyo ambayo wengi huiruka. Mahali ambapo hati au mzigo hupita kutoka mikono ya mmoja kwenda kwa mwingine, lakini hakuna mstari kati yao, ndipo penye pengo la kufanyia kazi.

Mhasibu mmoja niliyemshauri alikuwa akishughulikia malipo ya wauzaji. Ankara zilikuwa zikichelewa, wauzaji wakilalamika, idara ya manunuzi ikiilaumu uhasibu na uhasibu ikirudisha lawama. Alitoa faili za ankara 40 zilizopitisha siku 30 bila kulipwa, akazipanga mezani kwa mafungu kufuatana na sababu ya kukwama. Fungu moja lilikuwa na ankara 26, na zote zilikuwa na kasoro ileile: hati ya kupokelea mzigo kutoka ghalani haikuwa na namba ya oda, hivyo mhasibu hakuweza kuilinganisha na oda iliyoidhinishwa.

Hapo wengi wangeandika barua kwa mkuu wa manunuzi na kumpa nakala mkurugenzi wa fedha. Yeye alikwenda kwanza kwa bosi wake, akamwonyesha lile fungu na kusema, "Naomba nusu saa niende ghalani nikaone wanavyozijaza hati hizi, kisha nikuletee wewe nitakachokiona." Maneno yale ya mwisho yalikuwa na kazi yake. Bosi alijua tangu mwanzo kwamba habari ingemfikia yeye kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuiona safari ile kama njama ya kumpita.

Ghalani alimkuta mtunza ghala, mtu mzima aliyekaribia kustaafu. Alimwamkia, akakaa, na badala ya kuuliza kwa nini hati hazina namba, alimwomba amwonyeshe mzigo unavyopokelewa, kuanzia gari linapoingia. Mzee akamwonyesha, halafu akasema, "Mwanangu, hiyo namba ningeitoa wapi? Oda hatuletewi huku. Mzigo unakuja na karatasi ya muuzaji, basi." Ikabainika kwamba manunuzi walikuwa wakituma oda kwa muuzaji na kwa uhasibu tu, wakiamini kwamba ghala huipata kutoka uhasibu. Hakuna aliyezembea, idara tatu zilikuwa zikifanya kazi zikiwa na picha tatu tofauti za utaratibu mmoja. Ofisa wa manunuzi aliongeza anwani ya ghala kwenye orodha ya wanaopelekewa oda, na baada ya miezi miwili ankara zilizopitisha siku 30 zilikuwa zimeshuka kutoka 40 hadi 11.

Alichokiandika baadaye kilikuwa ukurasa mmoja, na jina la mtunza ghala lilitajwa kwanza, kwa kuwa ndiye aliyeonyesha chanzo. Bosi wake aliupeleka kwa wakuu wenzake. Mkuu wa manunuzi, ambaye idara yake ilikuwa imepumzika na lawama, ndiye aliyelizungumza jambo hilo kwenye kikao cha menejimenti. Mkurugenzi wa fedha akauliza ni nani aliyezipanga zile ankara, na mhasibu wetu akaingizwa kwenye kamati ya kuchagua mfumo mpya wa malipo.

Makosa ninayoyaona zaidi ni mawili. La kwanza ni kuchagua tatizo lenye mkosaji. Ukifichua uzembe wa idara nyingine utajulikana kweli, lakini watu wake watakufungia milango, na mkuu wao hatakutaja kwa wema. Ndiyo maana napendelea matatizo ya makabidhiano, ambayo huzaliwa na utaratibu wenyewe.

Kosa la pili huja polepole: mtu hugeuka tarishi. Idara zikishazoea kwamba unafahamiana na wote, zitaanza kukutuma ufuatilie saini na kuharakisha faili, na utajikuta una shughuli nyingi bila uzito wowote. Utalitambua kwa kutazama maswali unayoletewa. Ukiulizwa "limefika wapi?" tu, wewe ni tarishi. Ukiulizwa "tukibadilisha hivi, kwenu itakuwaje?" kabla uamuzi haujafanywa, umeshakuwa mtu wa kushauriwa, na maswali ya aina hii ndiyo hukufikisha kwenye vikao vya juu. Ili usiangukie huko, shughulikia makabidhiano mawili kati ya idara kwa mwaka, yasizidi matatu, na uhusiano huo uutunze kwa kurudisha habari. Mhasibu yule bado humpelekea mtunza ghala idadi ya ankara zilizochelewa kila mwisho wa mwezi, hata pale asipokuwa na la kumwomba.

Wapo wakuu ambao hawapendi mtumishi wao aonekane nje ya idara. Kwa mtu wa namna hiyo, usiombe ruhusa ya kujenga uhusiano. Omba ruhusa ya kutatua kero ambayo yeye mwenyewe huulizwa juu yake kila kikao, na ukurasa wa matokeo uuandike kwa namna ambayo anaweza kuuwasilisha kama kazi ya idara yake. Akiuwasilisha bila kukutaja, ofisa wa idara nyingine uliyefanya naye kazi anamjua aliyefika mezani kwake, na mkuu wa ofisa huyo naye atamuuliza ni nani.