Kampuni ikibadilisha funguo za DKIM, usifute CNAME

Kuna ujumbe unasambaa kwenye magrupu kuhusu funguo za DKIM, zile za kusaini imeili kuonyesha kweli zimetoka kwenye domeini yako:

"Kampuni inayotuma imeili kwa niaba yako ikibadilisha funguo, ingia DNS haraka ufute CNAME uweke ufunguo mpya, la sivyo imeili zote zitakataliwa."

Hapana, kama uliweka CNAME huna cha kugusa. Tuseme SACCO ya Mbarara ina domeini sacco.example na inatuma taarifa za wanachama kupitia kampuni ya nje, kwenye DNS yake hakuna ufunguo wowote, kuna CNAME mbili tu, s1 na s2, yaani majina yanayoelekeza kwa kampuni, na ufunguo wenyewe kampuni inauweka kwake. Wakati s1 inasaini, wao wanaandaa ufunguo mpya kwenye s2, halafu wanahamia huko, na ule wa zamani wanauacha siku kadhaa ili imeili zilizo njiani bado zithibitishwe. Ukifuta CNAME katikati ya hapo ndo unaharibu mwenyewe.

Angalia hivi:

```
dig +short TXT s2._domainkey.sacco.example
```

Likitoka jina la kampuni kisha `p=` yenye herufi nyingi, ufunguo upo. Halafu fungua heda za imeili mpya, tafuta `dkim=pass`, na `d=`, yaani domeini iliyosaini, iwe yako.

Watu wanachanganyikiwa kwa sababu wengine walibandika ufunguo wenyewe kama rekodi ya TXT kwenye DNS yao, hao kweli lazima wabadilishe kwa mkono kila mara, pia kuna walioweka s1 peke yake wakasahau s2, kwa hiyo siku ya kuhama saini zinafeli. Basi ujumbe huo ukikufikia kwenye grupu, tafadhali usiusambaze.