Jibu hewa: dhana potofu kuhusu milinganyo yenye x kwenye asili

Kwenye daftari moja nililosahihisha, mwanafunzi alikuwa amefuta ukurasa mzima kwa kalamu mpaka karatasi ikachanika. Hesabu zake zilikuwa sahihi kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Alizifuta kwa sababu alipata x = 3, akarudisha 3 kwenye swali, akakuta anagawanya kwa sifuri, akaamini ameharibu mahali fulani.

Swali lilikuwa hili:

```
x/(x − 3) − 2/(x + 1) = 12/((x − 3)(x + 1))
```

Tutakaa nalo mpaka mwisho, maana ukibadilisha namba moja tu, ile 12, linatoa karibu kila mkanganyiko ninaokutana nao kwenye mada hii.

"Jibu likikataliwa, kuna mahali nimekosea"

Hapana. Tufuate hatua zake. KDS ya asili zote ni (x − 3)(x + 1). Ukizidisha kila sehemu kwa hiyo KDS, asili zinakatika na kubaki hivi:

```
x(x + 1) − 2(x − 3) = 12
x² + x − 2x + 6 = 12
x² − x − 6 = 0
(x − 3)(x + 2) = 0
```

Kwa hiyo x = 3 au x = −2. Hakuna kosa hata moja hapo. Lakini 3 inaifanya asili x − 3 kuwa sifuri, na sehemu yenye asili sifuri haina thamani yoyote. Basi 3 inatoka, inabaki −2.

Imetoka wapi, kama hesabu ni safi? Imetoka kwenye hatua ya kuzidisha. Ukizidisha pande zote mbili kwa 5, unaweza kurudi ulikotoka kwa kugawanya kwa 5. Ukizidisha kwa (x − 3)(x + 1), unaweza kurudi pale tu ambapo hicho ulichozidishia si sifuri. x ikiwa 3, umezidisha kwa sifuri, na sifuri haigawanyi, kwa hiyo njia ya kurudi imefungwa. Mlinganyo ulioupata baada ya kuzidisha unakubali x = 3 bila shida: ukiiweka kwenye mstari wa kwanza hapo juu unapata 3 × 4 − 0 = 12, kweli kabisa. Mlinganyo wa mwanzo haukuwahi kuikubali.

Mimi huliita jibu hewa, kwa mfano wa wafanyakazi hewa. Jina lipo kwenye orodha ya mishahara, limeandikwa vizuri, ila ukienda ofisini kumtafuta mwenyewe hayupo. Aliyeichapa orodha huenda hana kosa. Kazi ya uhakiki inakuja baadaye, na ni sehemu ya kazi yenyewe.

"Jibu hasi au sifuri ndilo la kukataliwa"

Hii naikuta sana, na nadhani inatokana na maswali ya umri na ya urefu wa uzio, ambako jibu hasi hutupwa kila mara mpaka mkono unazoea. Kwenye swali letu jibu lililobaki ndilo lenye alama ya kutoa. Tujaribu −2 upande wa kushoto:

```
−2/(−5) − 2/(−1) = 0.4 + 2 = 2.4
```

Upande wa kulia, 12/((−5)(−1)) ni 12/5, nayo ni 2.4. Pande zimelingana. Mwanafunzi anayetupa jibu hasi kwa mazoea angetupa jibu pekee la kweli na kubaki na jibu hewa mkononi.

Sifuri nayo inaonewa bure. Inayokatazwa ni asili kuwa sifuri, x yenyewe haijakatazwa. Badilisha 12 iwe 6, ukokotoe upya: unapata x² − x = 0, yaani x = 0 au x = 1. Ukiweka 0, kushoto unapata 0 − 2/1, ambayo ni −2, na kulia 6/((−3)(1)), ambayo pia ni −2. Sifuri ni jibu halali. Ukiweka 1, pande zote mbili zinatoa −1.5. Majibu yote mawili yanasimama, hakuna wa kutolewa.

Hapo inaanguka dhana nyingine ambayo wanafunzi hawaisemi kwa sauti lakini wanaifuata: kwamba kwenye maswali ya aina hii lazima jibu moja liwe bovu, kama vile mtunga swali ameahidi. Nimeona mtu akiwa na majibu mawili mazuri analikata moja kwa kubahatisha.

"Thamani zilizokatazwa ndizo majibu hewa"

Thamani zilizokatazwa kwenye swali letu ni 3 na −1, na zinajulikana kabla hujafanya hesabu yoyote. Ni vizuri kuziandika pembeni mapema. Lakini kukatazwa si sawa na kutokea. Kwa 12 ilitokea 3. Kwa 6 haikutokea hata moja. Jaribu 8: unapata x² − x − 2 = 0, vigawo vyake ni (x − 2)(x + 1), na sasa aliye hewa ni −1, huku 2 ikibaki, kwani pande zote mbili zinatoa −8/3.

Ukijaribu namba nyingine yoyote mahali pa ile 12, hutapata jibu hewa kwa njia hii, ni 12 na 8 peke yake. Sababu inaonekana ukihamisha kila kitu upande mmoja na kuunganisha. Kwa 12 unapata:

```
(x − 3)(x + 2) / ((x − 3)(x + 1)) = 0
```

Tazama (x − 3): ipo juu na ipo chini. Jibu hewa huzaliwa pale ambapo kigawo cha asili kimejitokeza pia kwenye kiasi. Ungekata vizuri kabla ya kuzidisha, ungebaki na (x + 2)/(x + 1) = 0, na 3 isingejitokeza kabisa.

Kwa hiyo jibu hewa si mali ya swali. Linategemea na njia uliyopita. Wapo wanaopenda kuunganisha upande wa kushoto kuwa sehemu moja, kisha kuzidisha kwa kukingamisha, kiasi cha huku kwa asili ya kule. Kwa lile swali la 6, njia hiyo inakupa:

```
(x² − x + 6)(x − 3)(x + 1) = 6(x − 3)(x + 1)
```

Majibu ya mlinganyo huu ni 0, 1, 3 na −1. Umejitengenezea wawili hewa ambao njia ya KDS haikuwaleta, na ukifungua mabano una x kwa kipeo cha nne. Njia si batili, ila unalipa gharama. Kukingamisha nawaachia wenye sehemu moja kila upande na asili zisizo na kigawo cha pamoja.

Kuna wanaochukua habari hii ya kukata na kuipindua: wanadhani ukishakata, katazo limefutika. Chukua (x² − 9)/(x − 3) = 6. Unakata, unabaki na x + 3 = 6, yaani x = 3, na hakuna asili iliyobaki ya kukushtua. Lakini swali liliandikwa likiwa na x − 3 chini, na katazo linafuata swali lilivyoandikwa. Hapa hakuna jibu. Na "hakuna jibu" ni jibu kamili, andika hivyo hivyo, usiache nafasi wazi.

"Nimekagua, imekubali"

Umekagua kwenye mstari upi? Wengi hurudisha thamani kwenye x² − x − 6 = 0 kwa sababu ni fupi. Mstari huo utaikubali 3 siku zote, maana ndio ulioizaa. Uhakiki unafanyika kwenye swali la mwanzo, lenye asili zake zote.

Na kuna hakiki mbili hapo, zenye kazi tofauti. Kuangalia asili tu, je, kuna inayokuwa sifuri, kunatosha kumkamata jibu hewa. Kuweka thamani kwenye mlinganyo mzima na kulinganisha pande mbili kunakamata makosa ya kuongeza na kutoa. Ukikuta thamani ambayo haifanyi asili yoyote kuwa sifuri, lakini pande hazilingani, hiyo si hewa. Hapo umekosea kweli, rudi ukatafute, na mara nyingi utaikuta kwenye −2(x − 3) iliyoandikwa −2x − 6.

Maswali ya maneno yana ukataaji wa aina ya tatu. Basi linakwenda kilomita 120. Likiongeza mwendo kwa kilomita 20 kwa saa, linawahi kwa saa moja:

```
120/v − 120/(v + 20) = 1
```

Ukiondoa asili unapata v² + 20v − 2400 = 0, na v ni 40 au −60. Wanafunzi wanaandika kwamba −60 ni jibu hewa. Jaribu: 120/(−60) ni −2, 120/(−40) ni −3, na −2 kutoa −3 ni 1. Mlinganyo umeikubali bila kinyongo. Anayeikataa ni barabara, si algebra, na sababu ya kuandika ni kwamba mwendo kasi wa basi hauwi hasi. Mtahini anayesoma kwa makini atatofautisha.

"Kukagua kunaokoa kila kitu"

Hii ndiyo inayonisumbua zaidi. Kuzidisha kwa kitu chenye x huweza kuongeza majibu, na aliyeongezeka unamkamata mwishoni. Kugawanya kwa kitu chenye x hupunguza. Turudi kwenye swali la 6, ambapo tulifika x² − x = 0. Mwanafunzi mwingine aliandika x² = x, akagawanya pande zote kwa x, akapata x = 1. Akakagua kama alivyofundishwa, kwenye swali la mwanzo, akapata −1.5 kushoto na −1.5 kulia, akapiga mstari chini ya jibu na kuweka alama ya vema mwenyewe.

Sifuri haikuwa kwenye orodha aliyokuwa anahakiki.