Kushusha TTL siku ileile ya kuhama ni kuchelewa

Wiki hii mteja mwingine kanipigia na kilio kilekile: "Nimeweka TTL 300, nimebadilisha anwani, saa tatu zimepita. Mbona wengine bado wanaona seva ya zamani?" Nikamuuliza TTL aliishusha lini. "Hapohapo, nilipobadilisha anwani."

Hii ndiyo dhana inayonichosha kuliko zote, kwamba TTL mpya huanza kazi ukishabonyeza kuhifadhi. TTL ni idadi ya sekunde ambazo nakala ya rekodi ya DNS inaruhusiwa kutunzwa, nayo husafiri pamoja na rekodi. Seva ya kutafuta majina iliyochukua nakala yenye TTL 86400 imeruhusiwa kukaa nayo saa 24, na haina sababu ya kurudi kuuliza kabla ya hapo. Hiyo 300 yako itaijua itakapouliza tena, basi.

Bwana huyu TTL yake ya zamani ilikuwa 86400, akabadilisha Jumatatu saa 4 asubuhi. Seva iliyochukua nakala dakika moja kabla itaitumia mpaka Jumanne saa 3:59 asubuhi. Iliyoichukua Jumapili saa 5 asubuhi inaachana nayo Jumatatu saa 5. Ndiyo maana mmoja anaona tovuti mpya na mwenzake ya zamani. Ulizia mwenyewe:

```
dig @1.1.1.1 www.example.com A +noall +answer
www.example.com. 71342 IN A 192.0.2.10
```

Hiyo 71342 ni sekunde zilizobaki, karibu saa 20. Ukirudia, namba inaweza kurukaruka, kwa kuwa nyuma ya 1.1.1.1 kuna mashine nyingi, kila moja na nakala yake.

Alichotakiwa kufanya ni kushusha TTL iwe 300 Jumapili kabla ya saa 4 asubuhi, bila kugusa anwani. Saa 24 zikipita, nakala zote za 86400 zimekwisha muda. Hapo ukibadilisha anwani, wengi wanahama ndani ya dakika 5. Mimi huiacha 300 siku nzima baada ya kuhama, maana ukikosea anwani unarudi nyuma upesi, ndipo naipandisha. Na seva ya zamani usiizime siku hiyo, tafadhali. Wapo watakaoshikilia nakala kupita muda wake, na TTL yako haiwahusu.

"DNS lazima isubiri saa 48." Hapana. Hakuna kinachosambazwa, kila seva huja kuchukua kwa wakati wake. Saa 48 zina maana ukibadilisha seva za jina lenyewe: kwenye .com rekodi hizo za NS zina TTL 172800, na huwezi kuishusha.

"Nimefuta kwa `ipconfig /flushdns`." Umefuta kwenye kompyuta yako tu.

"Jina jipya halina nakala ya zamani, kwa hiyo litaonekana papo hapo." Si kama ulilijaribu kabla ya kuliunda. Jibu la "halipo" nalo huhifadhiwa, kwa muda unaotokana na rekodi ya SOA. Unda kwanza, ndipo ujaribu.